Doa lililokataa jiki

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba 9 nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, upande wa barabara iendayo Koboko. Wageni wake wengi ni madereva wa malori ya Sudan Kusini na wachuuzi wanaovuka kutoka Ariwara ya Kongo, watu wanaoingia saa nne usiku na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi ndiye mwangalizi wa usafi pale. Maji tunavuta kwa pampu kutoka kisima chetu cha kuchimbwa, yanapanda kwenye tangi, yanashuka vyumbani. Maji ni baridi, matamu, hayana harufu. Ukiyakinga kwenye glasi yanang'aa kama ya mvua.

Hayo maji ndiyo yaliyotufilisi, ila ilinichukua karibu mwaka mzima kulijua hilo, kwa sababu lawama zote niliitupia jiki.

Kwanza niseme jiki ni nini kwetu. Dawa yoyote ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, iwe ya kampuni gani, tunaiita jiki. Ile inayouzwa madukani mara nyingi huandikwa asilimia 3.5 au karibu na hapo ya hipokloriti ya sodiamu. Tangu Korona tulikuwa nayo ndani, lakini matumizi yalipanda kweli Septemba 2022. Tarehe 20 mwezi huo serikali ilitangaza Ebola kule Mubende. Mubende ni mbali na Arua, lakini dereva anayelala kwako leo jana alilala wapi? Shangazi akaniita jikoni akasema, "Mwanangu, sitaki kusikia gesti yangu ikitajwa redioni. Osha kila kitu."

Nikaosha kila kitu. Nilichanganya jiki na maji nusu kwa nusu, nikajaza kwenye chupa za kupulizia, na kila chumba kikiachwa na mgeni nikapuliza vitasa, bomba, sinki, choo na sakafu. Sikufuta. Niliamini kwamba dawa ikikauka yenyewe ndiyo inafanya kazi zaidi. Mashuka nikayaloweka usiku kucha.

Baada ya wiki tatu hivi nikaona jambo. Vyoo, ambavyo zamani vilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chai pale maji yanapotelemkia, sasa mstari ulikuwa mpana kama ulimi na rangi yake imekolea. Mashuka meupe yakaanza kugeuka rangi ya ganda la yai la kienyeji, halafu yakaonyesha madoadoa ya kahawia. Nikawaza kwamba dawa ni hafifu, labda nimeuziwa ya bandia. Nikaongeza. Doa likaongezeka. Nikaongeza tena.

Aliyenifungua macho ni mgeni wa chumba namba 4, mwalimu wa kemia aliyekuja kusimamia mitihani. Alilalamika kuhusu shuka, nami nikamwapia kwamba limelala kwenye jiki usiku mzima. Akacheka. "Dada, hiyo jiki ndiyo inayolitia rangi. Niletee chupa mbili za maji, zile za plastiki nyeupe zinazopitisha mwanga, na jiki yako."

Alizijaza zote mbili maji ya kisimani, moja kwa moja kutoka pampuni, si ya tangini. Moja akaifunga kizibo akaiweka kando. Nyingine akaidondoshea matone matano ya jiki, akaitikisa. Tulikuwa bado tunaongea habari za bei ya mafuta wakati maji ya ile chupa yalipoanza kubadilika. Yakawa ya manjano, kisha rangi ya chai ya rangi, kisha vumbi la kutu likaanza kushuka chini. Ile chupa isiyotiwa kitu ilikuwa bado safi kabisa. Asubuhi yake nayo ilikuwa imepata ukungu wa kahawia, lakini ilihitaji usiku mzima.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Maji ya chini ya ardhi yanaweza kubeba chuma kilichoyeyuka, na kikiwa kimeyeyuka hakionekani. Pengine kinatoka kwenye mwamba wenyewe. Pengine kinatoka kwenye bomba la chuma lililozamishwa kisimani, lile la kupakwa zinki, maana maji yenye uchachu kidogo huyala mabomba hayo. Chuma hicho kikikutana na hewa, polepole hugeuka kutu na kuonekana. Kikikutana na klorini, hugeuka kutu papo hapo. Kwa hiyo kila nilipomwaga jiki kwenye choo chenye maji ya kisima, nilikuwa nakipaka choo kutu kwa mkono wangu. Na kila nilipoloweka shuka, nilikuwa nalitia rangi, tena ndani ya nyuzi, kusikotoka kirahisi.

Jiki huondoa rangi ya chai, ya mchuzi, ya damu, ya ukungu wa bafuni, kwa sababu rangi hizo zinavunjwavunjwa nayo. Kutu haivunjiki kwa jiki. Kutu inataka kitu kichachu.

Hapo ndipo ningetulia nikaandika haya nikamaliza. Lakini mtu akipewa nusu ya elimu huikimbiza. Mwalimu aliondoka Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshanunua siki jerikeni nzima ya lita 5.

Niliingia choo cha chumba namba 7. Nilikuwa nimekipiga jiki kama saa moja kabla, na maji yake yalikuwa bado yametulia bakulini, sikuwa nimevuta. Nikamimina siki juu yake, nikainama na brashi. Harufu iliyonipiga haikuwa ya jiki wala ya siki. Ilikuwa kali, ya kuchoma, kama mtu amekuchoma pilipili ndani ya pua mpaka kifuani. Macho yakafumba yenyewe. Nilitoka nikiwa nashika ukuta, nikakohoa uani mpaka nikatapika. Msichana tuliyekuwa naye akataka kuingia kuona kuna nini, nikamvuta kwa gauni.

Jiki ikikutana na kitu kichachu, iwe siki, ndimu au ile dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na mimi nilikuwa nimeinama, kichwa karibu na bakuli, kwenye chumba cha futi nne kwa tano chenye kidirisha cha juu tu. Hivi ndivyo tulivyofanya, na kwa bahati tulifanya sawa: tulitoka, tukaacha milango yote wazi, hatukurudi kumwaga kitu kingine juu yake, tukakaa nje upande upepo unakotoka. Baada ya saa mbili hivi ndipo tukavuta maji mara tatu. Kifua kilinibana hadi jioni, na muuguzi jirani yetu akaniambia angenipeleka hospitali kwa nguvu kama kingezidi usiku, kwa sababu mapafu yanaweza kuchelewa kuonyesha madhara. Mkojo nao una mambo yake. Choo ambacho hakijavutwa maji kikimwagiwa jiki hutoa gesi nyingine inayochoma, kwa sababu ya amonia. Ndiyo maana sasa kwetu jiki na siki haziwekwi rafu moja, na siku ya jiki si siku ya siki.

Nilipopata nafuu niliendelea na kutu, kwa adabu safari hii. Siku ya kwanza choo kinasuguliwa kwa sabuni tu na kuvutwa maji mpaka harufu ya klorini iishe. Siku ya pili maji ya bakuli nayasukuma kwa brashi yashuke, ili dawa isizimuliwe, kisha napaka maji ya ndimu au unga wa sitriki niliouyeyusha kwenye maji ya moto, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe. Juu ya mstari natandika karatasi za chooni zilizolowa ili dawa isitiririke, na ninaacha kwa saa mbili au tatu. Siki ilifanya kazi kidogo sana kwenye kutu. Ndimu na sitriki zinaishinda kwa mbali, kwa sababu uchachu wao si wa kuyeyusha tu, unakishika chuma na kukibeba kwenye maji. Mashuka niliyapaka ndimu na chumvi, nikayaanika juani yakiwa bado mabichi, kisha nikayasuuza. Saba yalirudi kuwa meupe ya kuweza kutandikwa. Manne hayakurudi. Na hata hayo saba, mawili yalichanika mwezi uliofuata upande wa miguuni, mgeni akigeuka tu usingizini. Kuloweka usiku kucha kwenye jiki ya nusu kwa nusu kunaila pamba yenyewe. Shuka linakuwa jeupe huku uzi unakufa, na hulijui hilo mpaka ulikamate kwa mikono miwili uvute.

Chandarua nacho niliwahi kukitia jiki, nikakihesabu kama shuka. Kile chenye dawa ya mbu hakitakiwi kuguswa na jiki, kwa sababu dawa yenyewe huharibika. Kitabaki chandarua, ila cha kawaida.

Sasa nije kwenye sinki la jikoni, ambalo ndilo lililonigharimu fedha nyingi kuliko yote.

Lilikuwa la stenlesi, lenye beseni mbili, shangazi alilinunua jipya. Fundi aliyelifunga alipitisha sumaku juu yake, sumaku ikateleza, akasema, "Hii ni stenlesi safi, hapa hamna kutu." Tukaamini. Kumbe sumaku haimalizi ushahidi. Stenlesi zipo za namna nyingi. Nyingine ina nikeli ya kutosha na hustahimili zaidi. Nyingine ya bei nafuu imepunguziwa nikeli ikaongezewa manganizi, nayo pia haishiki sumaku, lakini huumwa mapema. Nambari yake ni 201, na ile nzuri zaidi ya majumbani ni 304. Sinki letu halikuwa na nambari popote.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina ngozi nyembamba mno ya kromiamu iliyoungana na hewa, ngozi isiyoonekana kwa jicho, inayojiponya ikikwaruzwa. Klorini ya jiki, na chumvi inayobaki jiki ikikauka, huitoboa ngozi hiyo mahali padogo padogo. Ikishapenya tundu moja, kile kitundu kinakuwa na hali yake ya ndani, kichachu na chenye chumvi, na kinazidi kuchimba chini wakati pembeni yote bado inang'aa. Kwa hiyo sinki haliishi taratibu kwa kupungua unene. Linatoboka kama jani lililoliwa na mdudu.

Mimi nilimfanyia huyo mdudu kila hisani. Kila usiku niliacha kitambaa kilicholoweshwa jiki kimelala chini ya beseni la kushoto, ili asubuhi sinki liwe limejitakasa. Chini ya kitambaa hewa haifiki, kwa hiyo ile ngozi haijiponyi, na jiki haikauki haraka. Dumu la jiki nalo lilikaa kwenye kabati chini ya sinki, kifuniko chake kilikuwa kimepasuka.

Dalili zilikuja kwa mpangilio ambao sasa ningeutambua hata usiku. Kwanza vidoa vya kahawia kama matone ya chai, vya ukubwa wa kichwa cha pini. Nilivisugua kwa waya wa kusugulia vyombo, vikatoka, vikarudi, tena vikiwa vingi zaidi. Hapa kuna mtego. Waya wenyewe ni chuma cha kawaida, na vipande vyake hubaki kwenye sinki na kushika kutu. Kwa hiyo unaweza kuona kutu ambayo si ya sinki. Namna ya kutofautisha ni kupaka ujiuji wa magadi ya kuokea mikate na maji, kusugua kwa kitambaa laini kufuata mistari ya sinki, kisha kupitisha ukucha. Ikiwa kutu imetoka na ukucha unapita bila kukwama, ilikuwa ya waya. Ikiwa katikati ya doa kuna nukta nyeusi na ukucha unakwama, hapo chuma kimeshachimbwa, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye kabati. Bawaba za mlango wake zilifura kutu, ingawa maji hayakuwahi kuzifikia. Ni mvuke wa lile dumu lililopasuka kifuniko. Dalili ya tatu ilikuwa gunia la sukari kulowa chini. Nikamlaumu msichana kwa kumwaga maji. Siku tatu baadaye nikalala chali chini ya sinki na tochi ya simu, nikaona tone likining'inia kwenye chuma kitupu, mbali na bomba la kutolea maji, mbali na kiungo chochote. Nikafuta, nikahesabu. Sekunde arobaini na kitu, tone jingine.

Fundi akaziba kwa gundi ya kuchanganya mbili. Ilidumu wiki tano, kwa sababu pembeni ya tundu hilo palikuwa na mengine yanakuja. Tukanunua sinki jipya.

Sufuria za alumini nazo ziliteseka, ila hizo ni kisa kifupi. Niliziloweka kwenye jiki siku moja baada ya mgeni kuharisha, zikatoka nyeusi, na mbili zikawa na unga mweupe unaotoka ukipitisha kidole. Alumini haipatani na jiki hata kidogo. Na siki pia huila, ila polepole.

Msomaji ataniuliza: basi uliacha kuua vijidudu? Hapana. Niliacha upumbavu wa vipimo. Kwa vitu vinavyoguswa kila siku tunatumia klorini ya asilimia 0.1, na ile ya asilimia 0.5 ni ya mahali palipomwagika damu, matapishi au kuhara. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza wakati wa Korona. Ile yangu ya nusu kwa nusu ilikuwa asilimia 1.75. Nilikuwa napuliza vitasa vya milango kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya ile inayotumika penye damu.

Hesabu yenyewe inafanyika hivi. Jiki ya asilimia 3.5 ukitaka iwe 0.5, gawa 3.5 kwa 0.5 upate 7. Maana yake sehemu moja ya jiki na sehemu 6 za maji. Ukitaka 0.1, gawa upate 35, yaani sehemu moja ya jiki na 34 za maji. Sisi kipimo chetu ni chupa ya soda ya glasi ya mililita 300. Nusu ya chupa hiyo ndani ya jerikeni ya lita 5 inatoa takriban 0.1. Chupa yako ikiandikwa asilimia nyingine, anza na hiyo iliyoandikwa. Tunachanganya asubuhi, inayobaki jioni tunaimwaga, kwa sababu ikishazimuliwa inapoteza nguvu, na kwenye jua inapoteza haraka zaidi. Na maji ya kuchanganyia si ya kisima. Ni ya mvua, kutoka tangi la paa. Chuma cha kisimani kinaila klorini kabla haijafika kwa kijidudu, kisha kinakuachia kutu kama risiti.

Kwanza sabuni, maana uchafu nao unaila klorini. Kisha dawa, inapakwa kwa kitambaa na si kupulizwa, inaachwa ikiwa imelowa dakika 10. Halafu, na hili ndilo nililokuwa nalikosa, kitambaa kingine chenye maji matupu, na cha tatu kikavu. Chumvi ya jiki ikibaki kwenye chuma hunyonya unyevu wa hewa kila usiku na kuendelea kula. Dakika 10 hazilili sinki. Kinacholila ni zile saa nyingine zote. Tangu tulipoanza kusuuza, sinki jipya halijatoa doa, wala sijui kama ni 304. Muuzaji alisema ndiyo, lakini hata yule fundi wa kwanza alisema ni stenlesi safi.

Dawa nyeusi ya maji, ile yenye harufu ya lami inayogeuka maziwa ukiitia majini, nilijaribu kuifanya mbadala kwenye bafu. Haikugusa chuma. Ilikaa kwenye plastiki ya mikeka ya kuogea mpaka ikaacha ramani, na mpira wa kuzibia kwenye mlango wa bafu ukalainika ukawa unanata. Nikairudisha chooni kwa nje, kwenye saruji, ndiko kwake.

Imebaki sakafu. Vyumba vya mbele vina terazo, ile sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ikasagwa kwa mashine hadi iwe kama kioo. Shangazi anaijali kuliko magodoro. Jiki ilipita juu yake miezi yote ile, ikaondoa nta, ikaifanya ifubae kidogo, lakini haikuila. Siki ndiyo iliyoila, na haikuhitaji miezi.

Lile jerikeni la lita 5 nililonunua Jumamosi ile, niliposikia kifua kinawaka nililiacha kwenye kona ya chumba namba 2, nikalisahau. Lilikuwa na ufa chini. Nililinyanyua baada ya siku mbili. Sakafuni palikuwa na duara kamili, kama limechorwa na bikari, rangi ya majivu, limepauka. Nikasugua kwa sabuni, kwa magadi, kwa mafuta ya nta. Likiwa limelowa linapotea, likikauka linarudi.

Fundi wa terazo, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Bunia, alipiga magoti akaweka shavu karibu na sakafu, akamulika tochi kutoka pembeni. "Mama, njoo utazame kwa huku. Doa likiwa ni doa, mng'ao unapita juu yake. Hapa mng'ao umekatika. Hakuna kilichoongezeka, kuna kilichopungua." Nikapitisha kiganja, nikahisi ukwaruzo. Kisha akadondosha tone la ndimu kwenye kona iliyofichwa nyuma ya mlango, akaniambia nisikilize. Kulikuwa na mchemko mdogo, vipovu juu ya saruji na juu ya vipande vyeupe, ambavyo ni marumaru. Vipande vyeusi havikutoa povu. Marumaru na saruji vyote vina chokaa, na kitu kichachu kikigusa chokaa huila kwa kutoa hewa. Akafuta lile tone haraka kwa maji.

Nikamwomba asage pale tu palipoharibika. Akakataa. Akasema ukisaga duara unapata shimo linalong'aa, na taa ikiwashwa usiku litaonekana zaidi ya sasa. Inabidi asage chumba chote kwa mawe ya ukali tofauti, kutoka kali hadi laini, kisha apige nta. Alitaja bei. Shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni akanyamaza kidogo, akaenda chumbani kwake, akarudi na mkeka wa ukindu aliotoka nao hija. Akautandika juu ya duara, akausogeza kwa mguu mpaka ukakaa sawa na ukuta.

Wageni wa chumba namba 2 husali juu yake. Mwaka jana mmoja aliniuliza kwa nini mkeka mzuri hivyo upo kona, si katikati ya chumba ambako kuna nafasi.